Kinachobaki kutoka raundi ya kwanza

*Hotuba kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaojiandaa kwenda uwandani*

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mmoja wenu atakutana nalo akiandika pendekezo lake la utafiti. Una vitu viwili unavyotaka kuvilinganisha: dawa mbili, namna mbili za kufundisha kusoma, au menyu mbili za simu. Je, kila mshiriki avijaribu vyote viwili, au uwagawe washiriki makundi mawili na kila kundi lijaribu kimoja tu? Mpango wa kwanza nitauita mpango wa watu walewale. Wa pili nitauita mpango wa makundi tofauti. Nimesoma mapendekezo mengi ambamo swali hili limejibiwa kwa sentensi moja: "Tutatumia watu walewale kwa sababu wachache watatosha, na tutasawazisha mpangilio." Sentensi hiyo inaficha mambo ambayo yanaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Leo nataka tuifungue.

Nianze na nusu yake ya kwanza, kwa sababu ni ya kweli. Mwaka 1905 watafiti wawili, Cushny na Peebles, walichapisha matokeo ya dawa za usingizi walizowapa wagonjwa wa hospitali ya akili huko Kalamazoo, Michigan. Miaka mitatu baadaye William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na kuandika kwa jina la Student, alichukua namba za wagonjwa 10 kati yao akazitumia kuonyesha njia yake mpya ya hesabu. Namba hizo bado zinafundishiwa hadi leo. Atakayefungua programu ya R ataandika `sleep` na zitatokea.

Tazameni wagonjwa wawili tu. Mgonjwa wa pili alipotumia dawa ya kwanza alilala pungufu ya kawaida yake kwa saa 1.6. Wa saba, kwa dawa hiyohiyo, aliongeza saa 3.7. Kati ya watu hawa wawili kuna pengo la zaidi ya saa tano, na dawa ni ileile. Sasa wapeni dawa ya pili. Yule wa pili anaongeza saa 0.8, yule wa saba anaongeza 5.5. Bado wako mbalimbali kabisa, lakini kila mmoja amepanda juu ya nafsi yake: wa pili kwa saa 2.4, wa saba kwa 1.8. Hapo ndipo nguvu ya mpango huu ilipo. Ukimlinganisha mtu na nafsi yake, tabia yake ya kulala sana au kulala kidogo inajifuta yenyewe katika kutoa.

Kwa wagonjwa wote 10, dawa ya pili iliizidi ya kwanza kwa wastani wa saa 1.58. Ukihesabu kwa tofauti za kila mtu, wastani huo unaweza kuyumba kwa bahati kwa takriban saa 0.39, yaani tofauti tuliyoipata ni mara nne ya kuyumba kwake. Hakuna atakayekubishia. Lakini chukua namba zilezile 20, ujifanye kwamba zimetoka kwa watu 20 tofauti, 10 kwa kila dawa. Tofauti inabaki ileile, saa 1.58. Kilichobadilika ni kuyumba: sasa ni takriban saa 0.85, na uwiano unashuka hadi 1.86. Kwa makundi ya watu kumi kumi tunahitaji kama 2.1 ndipo tuseme hili si la bahati kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5. Kwa hiyo namba zilezile zilizotoa jibu wazi sasa zinatuacha na shaka, kwa sababu tumesahau nani ni nani.

Nawaelewa, basi, wanaokimbilia mpango wa watu walewale. Nauli ni ghali, washiriki ni wachache, na posho haitoshi. Ila Cushny na Peebles walikuwa wanafanya kazi na dawa, na dawa humtoka mtu mwilini. Walikuwa wakiitoa usiku mmoja, kisha usiku unaofuata hawatoi kitu. Anayejaribu dawa anaweza kuweka siku za kusafisha katikati. Akijua nusu-maisha ya dawa, yaani muda unaotosha kiasi chake mwilini kupungua kwa nusu, anasubiri nusu-maisha tano, na hapo kimebaki kama asilimia 3 tu. Wengi wenu hamjaribu dawa. Mnajaribu masomo, maelekezo, vipeperushi, skrini na maswali. Alichojifunza mtu hakina nusu-maisha ya kukaa na kusubiri. Mtoto uliyemfundisha silabi kwa njia ya kwanza huwezi kumrudisha Jumatatu ijayo akiwa hajui silabi ili umjaribu kwa njia ya pili.

Hicho kinachobaki kutoka hali ya kwanza na kuingia katika ya pili tunakiita masalia. Nitaonyesha yanavyofanya kazi kwa mfano mmoja, na tutakaa nao hadi mwisho.

Chukueni kazi ambayo wengi mnaijua: kununua umeme wa LUKU kwa simu ya kitochi, unabonyeza nyota, namba, kisha reli. Menyu A ni ya zamani na ina hatua nyingi. Menyu B ni mpya na fupi. Tunapima sekunde kuanzia mtu anapobonyeza kitufe cha kwanza hadi anapothibitisha malipo. Namba nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya ubao huu, hazikutoka kwenye utafiti wowote. Nimezitunga ili sisi humu ndani tuujue ukweli kabla, kisha tuone kila mpango unatupeleka umbali gani kutoka kwake. Ukweli wetu ni huu: mtu asiyejua menyu yoyote anatumia sekunde 90 kwa A na sekunde 80 kwa B. Faida ya menyu mpya ni sekunde 10.

Sasa mtafiti wetu anawapa washiriki wote menyu A kwanza, kisha B. Wakifika kwenye B wameshazoea kusoma tarakimu 11 za mita kutoka kwenye karatasi, vidole vimeshachangamka, na wasiwasi wa kutazamwa umepungua. Tuseme mazoezi hayo yanapunguza sekunde 12. B inasomeka sekunde 68 badala ya 80. Mtafiti anaandika kwamba menyu mpya inaokoa sekunde 22. Zaidi ya nusu ya sekunde hizo ni mazoezi, wala si menyu.

Dawa inayojulikana ni kusawazisha zamu. Nusu ya washiriki waanze na A waende B, nusu waanze na B waende A. Kundi la kwanza linatupa 90 na 68. Kundi la pili linatupa B kwa 80, kisha A ikiwa imepunguziwa mazoezi yaleyale ya sekunde 12, yaani 78. Wastani wa A ni 84, wa B ni 74. Tofauti ni 10. Tumerudi kwenye ukweli kamili.

Hapa pana jambo linalowapita wengi. Kusawazisha hakujaondoa mazoezi. Mazoezi yapo palepale, ila yameegemea pande zote mbili kwa uzito mmoja, na kwa hiyo mizani imekaa sawa. Hilo lina matokeo mawili ya moja kwa moja kazini.

La kwanza ni kwamba idadi ya watu katika kila kundi lazima iheshimiwe hadi kwenye hesabu. Angalieni tofauti ya A kutoa B ndani ya kila kundi: waliotangulia na A wana 22, waliotangulia na B wana hasi 2. Wastani wa 22 na hasi 2 ni 10. Lakini tuseme siku ya pili mvua imenyesha, watu hawakuja, na umeishia na watu 18 walioanza na A na 6 tu walioanza na B. Ukiwachanganya wote 24 na kuchukua wastani mmoja, unapata 16. Sekunde 6 za mazoezi zimerudi kwa mlango wa nyuma. Ukipata wastani wa kila kundi kwanza, kisha ukachukua katikati ya wastani hizo mbili, unabaki na 10. Vilevile, msilinganishe A na B kwa jozi bila kuitaja raundi katika uchambuzi. Ukifanya hivyo, umbali kati ya 22 na hasi 2, ambao unajua kabisa umetokana na zamu, utahesabiwa kama kelele, yaani kuyumba kwa bahati tu, na ile nguvu uliyoifuata kwa watu walewale unaitupa mwenyewe.

La pili ni kwamba nani anaanza na nini lazima kiamuliwe kwa kura. Niliwahi kumwachia msaidizi wangu kazi ya kugawa zamu, nikamwambia tu "nusu na nusu". Kijana mwaminifu kabisa. Alifanya nusu na nusu: walioanza na A wote aliwahoji asubuhi, walioanza na B wote mchana, maana ilikuwa rahisi kutobadilisha karatasi. Asubuhi walikuja akina mama waliokuwa wakitoka sokoni, mchana wakaja wanafunzi wa sekondari. Nilipofungua madaftari niliona kwamba sikuweza kutenganisha zamu na umri. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo naandika vikaratasi vinne vinne, viwili vya kuanza na A na viwili vya kuanza na B, navichanganya, natia kila kimoja kwenye bahasha yenye namba, nabandika. Bahasha inafunguliwa mshiriki akiwa ameshakaa. Kwa njia hiyo makundi hayapishani kwa zaidi ya watu wawili, hata kazi ikikatika njiani.

Sasa nifike mahali ambapo sentensi ile ya kwenye mapendekezo inavunjika.

Mizani ilikaa sawa kwa sababu nilidhani mazoezi kutoka A kwenda B ni sawa na mazoezi kutoka B kwenda A, sekunde 12 kila upande. Kwa nini yawe sawa? Tuseme menyu B ina sehemu inayomwonyesha mtu namba ya mita ikiwa imegawanywa vifungu vifupi, na humwambia wapi kosa limetokea. Aliyeanza na B amefunzwa. Akifika kwenye A anajigawia namba mwenyewe kichwani, na A inamchukua sekunde 60 tu, imepungua 30 nzima. Aliyeanza na A hakufunzwa chochote cha namna hiyo, yeye amepata mazoezi ya kawaida tu, na B inamchukua 68 kama mwanzo.

Tuhesabu. A ni 90 na 60, wastani 75. B ni 80 na 68, wastani 74. Tofauti ni sekunde 1. Tumesawazisha zamu, tumepiga kura, tumefanya kila kitu kilichoandikwa kwenye kitabu, na faida ya sekunde 10 imemezwa karibu yote. Imemezwa na uzuri wa B wenyewe, kwa sababu B imeisaidia A. Mwanasaikolojia wa Uingereza E. C. Poulton aliandika onyo kuhusu jambo hili kwa miaka mingi, na makala yake ya mwaka 1973 kuhusu athari zisizotakiwa za mpango wa watu walewale bado inafaa kusomwa. Masalia yakiwa sawa pande zote, kusawazisha kunatosha. Yakiwa na upande, kusawazisha kunayasambaza tu na kuyaficha ndani ya wastani.

Utayajuaje? Kwanza kwa macho, kabla ya hesabu. Nakumbuka mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa ametoka kwenye menyu fupi akaingia ile ndefu. Alibonyeza 4 kabla maandishi hayajajaa kwenye kioo. Nne ndiyo ilikuwa "umeme" kwenye menyu aliyoitoka. Kwenye hii, nne ilimpeleka kwenye ving'amuzi. Akasonya, akarudi nyuma, akaanza upya. Sekunde zake ziliongezeka badala ya kupungua. Hayo ni masalia ya aina nyingine, yanayochelewesha, na hayakuwepo kwa waliotoka menyu ndefu kwenda fupi kwa sababu wao walikuwa wamezoea kusoma kwanza ndipo wabonyeze. Ningekuwa narekodi sekunde tu nisingejua. Kwa hiyo andikeni makosa, si muda peke yake, na kwa kila kosa la raundi ya pili jiulizeni kama lingekuwa jibu sahihi katika raundi ya kwanza.

Pili, kwa jumla. Jumlisha raundi zote mbili za kila mtu, kisha linganisha makundi. Katika mfano wa kwanza, kundi la A kwenda B lina 90 na 68, jumla 158. Kundi la B kwenda A lina 80 na 78, jumla 158. Ni sawasawa. Katika mfano wa pili kundi la kwanza lina 158 na la pili lina 140. Tofauti ya 18 ndiyo ile tofauti ya masalia yenyewe, 30 kutoa 12. Nusu yake, sekunde 9, ndiyo iliyotolewa kwenye jibu letu: 10 ikawa 1.

Inapendeza, na ndiyo maana ikawatega watu. Mwaka 1965 mtakwimu Grizzle alipendekeza utaratibu wa hatua mbili. Kwanza pima kama jumla za makundi zinatofautiana. Zisipotofautiana, tumia raundi zote. Zikitofautiana, tupa raundi ya pili na ulinganishe raundi ya kwanza peke yake, ambayo haina masalia kwa kuwa hakuna kilichoitangulia. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo ilivyofanyika katika majaribio ya dawa. Mwaka 1989 mtakwimu mwingine, Freeman, alionyesha kwamba utaratibu huo unaongeza makosa kupita asilimia 5 tunayoahidi.

Sababu yake inaeleweka bila fomula. Jumla ya mtu ina raundi ya kwanza ndani yake. Ikiwa kwa bahati tu watu wenye vidole vyepesi wameangukia kundi moja, jumla za makundi zitatofautiana na wewe utasema "kuna masalia". Kisha unakimbilia raundi ya kwanza, ambako bahati ileile ya vidole vyepesi inakusubiri na kukupa tofauti ya uongo. Umetumia bahati mbaya kuchagua kipimo ambacho bahati hiyo inakiharibu zaidi. Zaidi ya hapo, kulinganisha jumla ni kulinganisha watu na watu wengine, kwa hiyo kuna udhaifu uleule tuliouona kwenye dawa za usingizi. Ukiwa na watu 24, masalia makubwa kabisa yanaweza kupita bila kipimo hicho kushtuka. "Hatukupata ushahidi wa masalia" kwa watu 24 ni maneno mepesi mno.

Uamuzi huu, basi, unatakiwa kufanywa kabla ya kukusanya namba hata moja, kwa kufikiria kazi yenyewe: hali ya kwanza inamwachia mtu nini, na je, inamwachia kiasi kilekile upande wa pili? Kama una sababu nzuri ya kudhani hapana, tumia makundi tofauti, na ukubali gharama ya watu wengi zaidi. Ni gharama ya haki.

Kuhusu hali zaidi ya mbili nitapita haraka. Ukiwa na hali nne, mifuatano yote ni 24, na hutaweza kuitumia yote kwa watu wachache. Wengi hutumia mraba wa Kilatini wa kuzungusha tu: ABCD, BCDA, CDAB, DABC. Kila herufi inakaa kila nafasi mara moja, ni kweli. Lakini tazameni nani anamfuata nani: B inatanguliwa na A mara tatu, na haitanguliwi kamwe na C wala D. Kama A ina masalia, karibu yote yanaiangukia B. Mwaka 1949 mtakwimu E. J. Williams alionyesha namna ya kupanga ili kila hali itanguliwe na kila nyingine mara moja. Kwa nne andikeni hivi:

```
A B D C
B C A D
C D B A
D A C B
```

Hesabuni jozi zinazofuatana; ziko 12, na hakuna inayojirudia. Hali zikiwa idadi ya witiri, tatu au tano, mraba mmoja hautoshi kwa kawaida, unahitaji miwili, na washiriki wagawanyike kwa idadi ya mistari yote. Mraba huu unasawazisha masalia ya hali iliyotangulia mara moja tu. Yanayokaa kwa raundi mbili au tatu, haukuahidi chochote juu yake.

Mwalimu mmoja aliyesoma rasimu yangu jana aliniuliza, basi si bora tukae na makundi tofauti siku zote, tuwe salama? Hapana. Makundi tofauti nayo yana mtego wake, na mfano ninaoupenda ni wa mwanasaikolojia Michael Birnbaum, mwaka 1999. Aliwaomba watu waseme namba fulani ni kubwa kiasi gani, kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kundi moja lilipewa namba 9. Kundi jingine lilipewa 221. Wastani wa waliopewa 9 ulikuwa 5.13. Wa waliopewa 221 ulikuwa 3.10. Kwa hesabu za kawaida, 9 ni kubwa kuliko 221, na tofauti hiyo haikuwa ya bahati.

Watu hawakukosea. Aliyepewa 9 peke yake alifikiria namba ndogondogo, na katikati ya hizo 9 ni kubwa. Aliyepewa 221 alifikiria mamia na maelfu, na huko 221 ni kitu kidogo. Kila kundi lilileta kipimo chake. Kama mmoja wao angeziona namba zote mbili, jambo hili lisingetokea. Kwa hiyo, kama unachopima ni maoni ya mtu, umeridhika kiasi gani, huduma ni nzuri kiasi gani, ni ghali kiasi gani, makundi tofauti yanaweza kukupa jibu la kichekesho kwa namba safi kabisa. Kama unachopima ni sekunde, au tarakimu zilizokosewa, saa ya ukutani haibadilishi kipimo kwa sababu ya kundi. Mtego huo haupo hapo, na unaweza kwenda na makundi tofauti kwa amani.

Nirudi kwenye menyu zetu nimalize, kwa sababu kuna swali bado sijalijibu. Tumesema sekunde 10 ndiyo kweli, kwa maana ya mtu asiyejua menyu yoyote. Lakini nani huyo? Kampuni inayotaka kubadilisha menyu ina wateja ambao wote wameitumia A kwa miaka. Hakuna atakayeanza na B kisha arudi A. Kundi la B kwenda A, tulilolipanga kwa uangalifu ili mizani ikae sawa, linapima safari ambayo hakuna mtu ataisafiri. Masalia ya A ndani ya B, yale tuliyoyaita uchafu, kwa wateja hawa ni sehemu ya maisha ya B siku ya kwanza itakapowashwa.

Kwa swali hilo mimi ningepanga hivi. Wote waanze na A, kama walivyo mtaani. Kisha kwa kura ya bahasha, nusu waende B, nusu warudie A ileile. Waliorudia A wanatoka 90 hadi 78. Walioenda B wanatoka 90 hadi 68. Linganisheni raundi ya pili kwa raundi ya pili, huku raundi ya kwanza ya kila mtu ikiwekwa kwenye uchambuzi ili kupunguza kelele za tofauti kati ya watu. Zile sekunde 22 za mtafiti wetu wa mwanzo sasa zinagawanyika zenyewe: 12 ni mazoezi, ambayo hata menyu ya zamani ingeyapata, na 10 ni za menyu mpya. Na kama miongoni mwa walioenda B kuna anayebonyeza namba za A kwa mazoea na kujikuta kwenye ving'amuzi, hilo nalo litaonekana kwenye safu ya makosa, na mtaweza kuiambia kampuni ni kitufe gani kisihamishwe.

Ahsanteni. Nadhani bado tuna muda wa maswali.